Shati la Mkono Mmoja

2 Machi 1986

Mwanangu mpenzi,

Kabla ya yote nakusalimu, na wote wa hapa nyumbani wanakusalimu. Bibi yako anakusalimu. Masikio yake yamezidi kuziba lakini ulimi uko palepale, juzi kamwambia mwalimu, yule mpangaji wetu, kwamba amenenepa, tena mbele ya wanafunzi wake. Mwalimu naye anakusalimu, hakukasirika. Shangazi yako Redio anakusalimu mara mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni, ndivyo alivyoniamuru niandike. Bado anapika kule shuleni na bado habari za mtu anazijua kabla mwenyewe hajazijua. Mdogo wako Kitinda anakusalimu, cherehani anaishika vizuri sasa, pindo lake limenyooka. Tulikosana kidogo wiki iliyopita kwa jambo la shati, si kitu, yamekwisha. Mimi ni mzima, kifua tu kinabana kukiwa na vumbi la pamba, usianze kuwaza. Wewe unakula? Usiniandikie "ndiyo mama". Taja ulichokula.

Sasa nije kwenye barua yako. Mwalimu alitaka kunisomea nikamkatalia. Nimeisoma mwenyewe, siku mbili, darasa langu la nne linatosha nikipewa nafasi. Kwa hiyo huyo mhariri amekurudishia kitabu. Eti mzimu uliyemwandika anazurura tu ndani ya nyumba kama mtu asiye na kazi, na usipompa sababu ya kubaki hadi mwisho wa Septemba hawatakichapa. Nilikasirika, mwanangu. Nilitaka kupanda basi nije nimwone huyo bwana. Halafu nikazisoma zile kurasa ulizonitumia, nikasema, kumbe bwana ana haki.

Usinune. Huyo mwanamke marehemu wa kitabu chako anafunga milango, anazima taa, anawatisha watu. Kwa nini? Mtu aliyekufa amechoka, angeweza kulala. Akikataa kulala ujue kuna kazi ameiacha. Umeniomba nikuandikie hadithi za wanaorudi, nilizokuwa nikiwasimulia mkiwa wadogo. Nimezisahau nusu. Lakini nitauliza watu. Wateja wangu wakija kupimwa hawana pa kukimbilia, mtu mwenye pini kiunoni hujibu kila swali.

Niandikie mapema nijue barua imefika.

Mama yako

———

21 Machi 1986

Mama, shikamoo.

Nakula. Jana viazi na mayai mawili, leo mkate na maharage. Msalimie Bibi kwa sauti kubwa, Shangazi kwa sauti ndogo, Kitinda mwambie nampongeza kwa pindo. Mwalimu pole kwa unene.

Mama, barua yako nimeisoma kwenye ngazi za ofisi, sikuweza kusubiri kufika chumbani. "Kuna kazi ameiacha." Mhariri alinieleza jambo hilohilo kwa kurasa mbili, wewe umelimaliza kwa mstari. Nimekwenda maktaba kila siku nikitoka kazini. Nimesoma hadithi za wanaorudi za watu wa kila namna na karibu zote zina mzizi huo. Mmoja hakuzikwa. Mwingine aliuawa na muuaji anatembea mchana kweupe. Mwingine aliahidi kitu, mwingine alificha kitu, mwingine hajui kwamba amekufa. Lakini sielewi hili: kwa nini hawasemi tu? Na kwa nini hukwama mahali pamoja? Yule aliyeuawa angemfuata muuaji wake hadi mji wa pili, lakini yeye hukaa jikoni alikoangukia.

Nina swali jingine, ni gumu kidogo. Kitinda aliniandikia kwamba nyayo za marehemu Baba husikika saa tisa alasiri kwenye chumba cha cherehani. Hukuniambia. Ni kweli?

Mwanao

———

14 Aprili 1986

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima. Bibi amepata kikohozi kikamtoka. Redio amejikata kidole kwa kuongea huku anakata vitunguu. Kitinda ameshona sketi yake ya kwanza ya kulipwa, zipu iko upande usio wake lakini mteja ni mpole.

Kaa chini, nimepata mengi. Sijawahi kuwa na mwezi kama huu. Nilidhani watu wataniona nimechanganyikiwa, kumbe kila mtu anayo yake na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Wa kwanza ni mlinzi wa lile ghala la magunia, alikuja kupunguza suruali. Anasema mlinzi aliyemtangulia alifia kwenye zamu, na kila alfajiri ile kufuli ilikuwa inatikiswa, mara tatu, kama mtu anayehakikisha. Walibadilisha kufuli, ikatikiswa. Wakamleta mtu wa kuombea, ikatikiswa. Ndipo mlinzi wetu akajiuliza: huyu mzee alikuwa anamngoja nani? Akasimama getini alfajiri, akasema kwa sauti, "Nimepokea zamu, mzee. Nenda nyumbani." Basi. Haikutikiswa tena. Unaona? Yule hakuwa mbaya. Hakukabidhi, ndiyo shida yake. Wenzake walikuwa wanamfukuza na yeye alitaka kupokewa.

Wa pili ni mkunga mstaafu. Kuna mama alifariki akijifungua, na kitanda kile mashuka yalikuwa yanakutwa yamekunjuliwa pembeni, kama mtu amefunua atazame mtoto. Aliondoka bila kujua kama mtoto alilia. Mtoto alipofika miaka saba bibi yake akamleta wodini, akamsimamisha pale kitandani, akamwambia taja jina lako. Akalitaja. Tangu siku hiyo mashuka hukaa yalivyotandikwa.

Wa tatu ni mchimba visima. Mwenzake alifukiwa na udongo, wakashindwa kumtoa, wakafanya maziko ya jeneza tupu. Maji ya kisima yakawa ya matope miaka minne, kiangazi na masika. Walipochimba upande wa pili wakaipata mifupa, wakaizika panapostahili, maji yakatulia wiki hiyohiyo. Anasema marehemu hadanganyiki na jeneza tupu. Kazi nusu kwake ni kama haikufanywa.

Sasa maswali yako. Niliyaweka mezani, Redio akajibu kwanza, "Wangesema siku ya kwanza, hadithi ingeishia ukurasa wa pili, mwandishi angekula nini?" Tulicheka hadi Bibi akataka kujua nani ameanguka. Lakini mimi nimeyawaza juu ya cherehani na nakupa jibu langu. Aliyekufa hana mkono wala mdomo. Amebaki na kitu kimoja tu, lile jambo la mwisho alilokuwa analifanya. Basi analirudia. Ndiyo lugha yake yote. Mlinzi anatikisa kufuli, mama anafunua shuka. Walio hai wanaona vituko wakati wanaulizwa kitu. Na anakaa palepale kwa sababu kazi iko palepale. Kufuli haiko mji wa pili. Ukipotewa na sindano unaitafuta ulipokuwa umekaa.

Na tena, kila wakati walio hai wanakosea kwanza. Wanafukuza, wanahama, wanapaka rangi. Halafu anatokea mtu mmoja anauliza, ulikuwa unataka nini? Akimalizia ile kazi, marehemu anaondoka wala haagi. Usimfanye wako aseme asante. Hakuna hata mmoja niliyesimuliwa aliyesema asante.

Redio alianza nyingine, ya mtoto mdogo aliyemrudia mama yake nguo zimelowa chapachapa. Nikakumbuka nina nguo kwenye kamba, nikatoka kuzianua. Sijui iliishaje.

Mpe huyo mhariri hayo, uone kama atasema tena mzimu hana kazi.

Mama yako anayekuwaza

———

5 Mei 1986

Mama, shikamoo.

Nimekula wali na mchicha, nimeshiba. Wasalimie wote, na Redio umwambie kidole hicho ni malipo ya maneno.

Nimempa mhariri barua yako. Ndiyo, barua yenyewe, usinikasirikie. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena, akaniuliza mama yangu anafundisha chuo gani. Nikamwambia ana chuo cha wateja wenye pini kiunoni. Anataka kukitazama kitabu tena, ila anauliza swali lilelile: huyu wangu ameacha nini? Hiyo bado sina, mama. Kila ninachomwandikia kinaonekana nimekiazima. Hati iliyofichwa, pete iliyopotea, havimhusu.

Ile ya mtoto mwenye nguo zilizolowa naijua inavyoisha. Nimeikuta maktabani kwa watu wengi, wa mbali kabisa na wenzao. Mtoto anamwambia mama yake, "Nguo zangu zimelowa kwa machozi yako, nasikia baridi, siwezi kulala." Mama ananyamaza kulia, na kesho yake mtoto anarudi nguo zimekauka, kisha harudi tena. Hapo hakuna kazi aliyoiacha marehemu. Ni aliye hai ndiye anayemshika.

Hukunijibu kuhusu saa tisa. Na lile shati mliloligombania na Kitinda ni la nani?

Mwanao

———

19 Julai 1986

Mwanangu,

Umeniandikia mara mbili baada ya ile, na kadi, na umempigia mwalimu simu shuleni kuuliza kama naumwa. Siumwi. Bibi mzima, Redio mzima, Kitinda mzima, mwalimu amehamia chumba cha mbele chenye dirisha. Nilikuwa naanza barua naichana. Sasa naandika moja kwa moja bila kuisoma, makosa utayasamehe.

Shati ni la baba yako.

Unajua alivyokuwa. Siku nzima anazunguka nyumba za watu kusoma mita za maji, saa tisa anarudi, anatua mfuko, anakuja kusimama kwenye chumba cha cherehani na kikombe chake, ananisimulia mbwa gani kamkimbiza. Siku ile nilikuwa namshonea shati la drafti, bluu na nyeupe. Nikampima mkono wa kulia nikaushona palepale. Wa kushoto nikaushikiza kwa pini, nikamwambia simama wima, akasema, "Utamalizia kesho, mke wangu, bega langu halihami." Akalivua. Kesho yake asubuhi akaangukia kwenye geti la watu akiwa na kalamu mkononi. Hayo ya geti unayajua.

Lile shati nikalivalisha lile sanamu la mbao la kuvalishia nguo, na pini zake. Wiki ya pili, saa tisa, nikasikia hatua ukumbini. Zikaja hadi kwenye sanamu, zikasimama. Bibi asiyesikia hata radi aliniuliza, "Kijana wangu amerudi?"

Nikajua papo hapo amefuata nini. Mimi si mjinga wa mambo haya, wewe mwenyewe umesema nafundisha chuo. Amefuata mkono wa kushoto. Kushona mkono wa shati ni kazi ya nusu saa, mwanangu. Nusu saa. Na nikajua nikiumaliza hatakuja tena.

Basi sikuumaliza. Miaka mitatu. Pini zikishika kutu nazibadilisha moja moja ili kitambaa kisitoboke. Wateja wakiuliza nasema ni kazi ya mtu atakuja. Kitinda akafikiri ananisaidia, akautia mkono kwenye cherehani, akashona inchi mbili. Nilimnyang'anya, nikamzaba kofi, mtoto mzima wa miaka kumi na tisa, nikaifumua ile mishono kwa meno. Ndiyo yale niliyokuandikia si kitu.

Wote niliokusimulia walikuwa wanahangaika kujua kazi gani imebaki. Mimi ninaijua na nimeikalia. Halafu unaniletea habari ya mtoto mwenye nguo zilizolowa. Nilijua inavyoisha. Mama yangu ndiye aliyenisimulia.

Sasa sema unachotaka kusema. Lakini usiseme kwamba hatua zile ni mbao za sakafu. Mwalimu ameshasema.

Mama yako

———

8 Agosti 1986

Mama yangu, shikamoo.

Sijui nilichokula. Nimekula kitu.

Sitasema mbao. Nimeisoma barua yako mara nne. Mama, hilo ndilo. Katika hadithi zote nilizosoma aliye hai anakimbizana na kazi aliyoacha marehemu ili aondoke. Sijakuta hata moja ambayo aliye hai anaijua kazi, anaiweza, ni ya nusu saa, naye anaiacha kwa makusudi ili marehemu abaki. Mzimu wangu alikuwa anazurura kwa sababu nilimtazama yeye. Aliyekuwa na siri ni yule anayemsikiliza. Nimeandika siku tatu mfululizo, kazini nimeomba ruhusa ya mafua. Lakini sitampelekea mhariri hata ukurasa mmoja usiponiruhusu. Ukikataa nitazichoma kurasa zote, na sitanung'unika.

Nikuambie na upande wa pili, kwa kuwa umeniambia wako. Barua ya msiba ilinifikia siku ya kumi na moja. Nilipofika kituo cha basi nikahesabu siku, nikaona mmeshamaliza kila kitu, nikarudi chumbani. Sikuja. Nikakuandikia kwamba ofisi ilinikatalia. Ofisi haikunikatalia, mama. Sikuweza kuingia nyumba ile na kikombe chake kipo. Tangu hapo nimetunga sababu kila likizo. Na Kitinda aliponiandikia habari ya saa tisa nilifurahi. Nilisema vizuri, ananingoja, sijachelewa bado. Nikaanza kitabu wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo tuko wawili tuliomshika.

Kuna jambo nimelikuta maktabani na ni lazima nikuambie. Wanaozuiliwa hawaneemeki. Hadithi zote zinasema hivyo, kila anaporudi amepungua kidogo. Mwanzoni ana uso, baadaye ana sauti, baadaye nyayo tu. Hasikii kwamba anapendwa. Anarudia.

Mwisho wa kitabu sinao. Mwanamke wangu wa kitabuni, yule aliye hai, amekaa mbele ya shati na sindano ina uzi. Nimemwacha hapo tangu jana, sijui anashona au hashoni. Mhariri anangoja hadi Septemba thelathini. Nikimtungia mwisho utakuwa wa uongo. Mama, anashona?

Mwanao

———

27 Agosti 1986

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na salamu za wote, leo nazifupisha, watanisamehe. Bibi tu ndiye nitakayemtaja, utaona kwa nini.

Kwanza, ruhusa umepata. Andika yote. Kofi pia andika, nimemwomba Kitinda radhi, amesema ulibadilishe liwe makofi mawili, apate huruma zaidi.

Pili, kwamba ofisi haikukukatalia nilijua. Mama hadanganywi na barua fupi. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani ukiulizwa utaacha hata kuandika. Na mimi nikakuficha habari ya hatua nikiogopa utanicheka. Tumetunziana ujinga miaka mitatu.

Tatu, umeandika kwamba anapungua. Niliweka barua chini nikawaza. Mwanzoni, mwanangu, zilikuwa hatua na kukohoa kule kwake, na kikombe kikiguswa na kijiko. Kukohoa kulikwisha mwaka wa kwanza. Kijiko sijui kilikwisha lini, sikugundua. Sasa ni hatua nne, zamani zilikuwa kumi na moja, kutoka mlangoni hasa. Nilikuwa nazihesabu na sijui nilikuwa najidanganya nini. Baba yako alipenda kusimulia. Nimemfanya mtu wa hatua nne.

Basi Jumanne saa saba na nusu nikafunga mlango wa wateja. Nikamwita Bibi, maana ni mwanawe kabla hajawa mume wangu. Nikampigia kelele sikioni, "Mama, namalizia shati." Akasema, "Kwani lilikuwa halijaisha? Nilimwoza mwanangu fundi." Akanishikia bega la shati lisihame. Pini nilizitoa saba, nikazihesabu kwenye kisahani. Nikashona. Cherehani haikukwama hata mara moja, na mimi nilitaka ikwame. Nikafumua inchi moja kwapani kwa sababu ilivuta, nikairudia sawasawa. Kola nikaipiga pasi. Vitundu vya vifungo nikavikata, nikavizungushia uzi. Saa tisa kasorobo lilikuwa shati kamili la mikono miwili, vifungo tu vilibaki.

Nikachukua kifungo cha kwanza, nikatia uzi. Ndipo ukanijia wewe, umesimama kituo cha basi na mzigo wako. Nikasema hapana. Mkono ni kazi yangu, nilimwahidi mimi, nimeumaliza. Lakini kama navishona na vifungo, anaondoka na wewe hukumuaga. Mchimba visima alisema marehemu hadanganyiki na kazi nusu. Hii ina nusu mbili, na moja iko kwako.

Saa tisa zilikuja hatua. Sikusikiliza ngapi. Niliongea mimi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilimwambia, "Mkono wako tayari. Vimebaki vifungo, anashona mwanao mkubwa. Vumilia kidogo."

Shati liko kwenye kifurushi hiki, limekunjwa na karatasi nyeupe ndani. Vifungo sita vimo kwenye bahasha ndogo, na uzi, na sindano namba tisa. Mkono wako naujua, kifungo chako hukaa kama jino la mtoto linalotikisika, kwa hiyo pitisha uzi mara sita kila kitundu, uzungushie shingo yake, ukaze kwa nyuma. Usiharakishe. Mwambie kila ulichokuwa unataka kumwambia, kifungo kimoja baada ya kingine, viko sita, vinatosha. Ukimaliza livae au litundike, ni lako. Ndipo uandike huo mwisho wako, hautakuwa wa uongo.

Ila usishone kabla hujanijibu. Chagua siku, iwe saa tisa alasiri, unitajie tarehe. Nitafunga mlango wa wateja, nitakaa na Bibi, na Kitinda, Redio nitamwambia aje anyamaze kama anaweza. Nataka niwepo hapa wewe ukikaza uzi kule. Mwalimu anasema barua ikiingia posta Jumatatu inanifikia Ijumaa. Basi nijibu haraka, mwanangu, hata kwa mstari mmoja, hata tarehe peke yake.

Mama yako